Mkoba wa uwekezaji na akaunti ya akiba: kupima faida pamoja na mtikisiko wake

Faida ya uwekezaji haiwezi kulinganishwa na riba ya akiba kwa kutazama asilimia mbili peke yake. Mkoba wa hisa na dhamana uliokua kwa asilimia 12 katika mwaka mmoja umeizidi akaunti ya akiba iliyolipa asilimia 6, lakini huenda thamani yake ilipanda na kushuka mara nyingi kabla ya kufika hapo, ilhali akiba iliongezeka kidogo kidogo bila kurudi nyuma hata siku moja. Swali lenye maana ni hili: ile ziada juu ya akiba ilinunuliwa kwa mtikisiko wa kiasi gani? Kipimo kinachojibu swali hilo ni uwiano wa Sharpe, na mtu yeyote mwenye taarifa za akaunti za kila mwisho wa mwezi anaweza kuukokotoa.

Uwiano huo umepewa jina la William F. Sharpe, mwanauchumi wa Marekani aliyeutumia mwaka 1966 kuchunguza mifuko 34 ya pamoja ya uwekezaji ya nchini mwake kwa miaka 10, kuanzia 1954 hadi 1963. Katika mifuko hiyo, 11 tu ndiyo iliyopata uwiano mzuri kuliko fahirisi ya hisa ya Dow Jones baada ya kuondoa gharama. Mwaka 1990 Sharpe alipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi pamoja na Harry Markowitz na Merton Miller. Kanuni yenyewe ni fupi: chukua wastani wa faida ya mkoba, toa riba ambayo fedha hizo zingeipata bila kuhatarishwa, kisha gawanya kwa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi faida za miezi mbalimbali zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani wao.

Wataalamu wa masoko hutumia riba ya dhamana fupi za serikali kama msingi wa kulinganishia. Nchini Kenya hizo ni hati za hazina za siku 91. Kwa mwananchi wa kawaida, msingi ulio karibu zaidi na maisha yake ni riba ya akiba anayoweza kuipata kweli, na hapana ubaya kuutumia mradi hesabu iwe ya haki pande zote mbili. Riba ya benki nchini Kenya hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15 kwa mkaazi, hivyo akaunti inayotangaza asilimia 7 kwa mwaka humwachia mwenye fedha asilimia 5.95, ambayo ni takribani 0.5 kwa mwezi. Gawio la hisa hukatwa asilimia 5. Anayelinganisha riba kabla ya kodi na gawio baada ya kodi anaupunja mkoba wake. Anayefanya kinyume chake anaipunja akiba. Kilichoingia mkononi ndicho kinachohesabiwa.

Kazi kubwa iko katika kugeuza taarifa za mwezi kuwa faida za mwezi, na hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Taarifa huonyesha thamani ya mkoba siku ya mwisho wa mwezi. Ikiwa hakuna fedha iliyoingia wala kutoka, faida ya mwezi ni tofauti ya thamani mbili zinazofuatana, ikigawanywa kwa ile ya kwanza. Lakini watu huongeza fedha wanapopata mshahara na kutoa karo ya shule inapofika, na fedha iliyoongezwa si faida.

Tuchukue mkoba wa mfano ulioanza mwaka ukiwa na shilingi 1,000,000 za Kenya. Mwisho wa Januari ulikuwa na thamani ya 1,020,000, yaani faida ya asilimia 2. Mwisho wa Februari ulishuka hadi 1,009,800, hasara ya asilimia 1. Katikati ya Machi mwenyewe akaongeza shilingi 60,000, na taarifa ya mwisho wa mwezi huo ikasoma 1,100,994. Ukigawanya bila kufikiri, Machi inaonekana kuleta zaidi ya asilimia 9. Ukweli ni kwamba ongezeko lote lilikuwa shilingi 91,194, na humo 60,000 zilitoka mfukoni mwa mwekezaji. Mkoba wenyewe ulizalisha 31,194. Kiasi hicho nacho hakigawanywi kwa 1,009,800 peke yake, kwa kuwa zile shilingi 60,000 zilifanya kazi nusu ya mwezi. Nusu yake, 30,000, huongezwa kwenye thamani ya kuanzia, tukapata 1,039,800. Jibu ni asilimia 3 kamili. Utaratibu huu hutoa makadirio mazuri sana maadamu kiasi kilichoongezwa ni kidogo kikilinganishwa na mkoba wote. Fedha iliyotolewa huandikwa kama nambari hasi, na hesabu hubaki ileile.

Katika jedwali la kompyuta, thamani za mwisho wa mwezi zikiwekwa safu ya B na fedha zilizoongezwa safu ya C, faida ya mwezi wa kwanza huandikwa hivi kwenye safu ya D, kisha hunakiliwa hadi chini:

```
=(B3-B2-C3)/(B2+C3/2)
```

Gawio ni mtego mwingine. Taarifa ya akaunti ya CDS, ambamo hisa za Soko la Hisa la Nairobi huhifadhiwa, huonyesha idadi ya hisa. Gawio huenda kwenye akaunti ya benki au kwenye simu ya mwenye hisa na halionekani humo. Kampuni inapolipa gawio, bei ya hisa yake kwa kawaida hushuka pale haki ya kulipata inapokwisha. Kwa hiyo anayefuata thamani za taarifa pekee ataona mteremko bila kuona malipo yaliyousababisha. Gawio lililolipwa nje ya mkoba lihesabiwe kama fedha iliyotolewa, yaani hasi katika safu ya C, katika mwezi ambao hisa zilipoteza haki hiyo. Ada inayokatwa ndani ya mfuko wa pamoja haihitaji kuguswa, maana thamani ya kipande imekwisha kuipunguza. Ada ambayo mwekezaji huilipa kando kutoka benki, hiyo ndiyo iongezwe kana kwamba ni fedha iliyoingizwa.

Baada ya usafi huo, mkoba wetu ulipata faida zifuatazo kwa asilimia, Januari hadi Desemba: 2, hasi 1, 3, 0.5, hasi 2.5, 4, 1, hasi 1.5, 2.5, 0, 3 na 1. Jumla yake ni 12, hivyo wastani ni asilimia 1 kwa mwezi. Sasa hutafutwa umbali wa kila mwezi kutoka kwenye wastani huo. Mei, iliyopata hasi 2.5, iko asilimia 3.5 chini, Juni iko 3 juu, Julai iko palepale. Umbali wa kila mwezi hupigwa mraba, na jumla ya miraba yote 12 ni 44. Hugawanywa kwa 11, pungufu ya moja kwa idadi ya miezi, kwa sababu wastani wenyewe umekisiwa kutokana na miezi hiyohiyo. Tunapata 4, na kipeuo chake cha pili ni 2. Mkengeuko sanifu, basi, ni asilimia 2 kwa mwezi.

Ziada juu ya akiba ni 1 kutoa 0.5, yaani nusu asilimia kwa mwezi. Nusu hiyo ikigawanywa kwa 2 inaleta uwiano wa mwezi wa 0.25. Ili kuulinganisha na takwimu zinazotangazwa kwa mwaka, huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha 12, ambacho ni karibu 3.46, na jibu ni 0.87. Hauzidishwi kwa 12 kwa sababu ziada hukua mara 12 katika mwaka, ila mtikisiko haukui kwa kasi hiyo: miezi mibaya na mizuri hufidiana kwa sehemu, na ikiwa haifuatani kwa mpangilio wowote, mkengeuko hukua mara 3.46 tu. Jedwali hufanya yote kwa mstari mmoja, safu ya E ikiwa ni faida ya kila mwezi baada ya kutoa riba ya akiba ya mwezi huo:

```
=AVERAGE(E3:E14)/STDEV.S(E3:E14)*SQRT(12)
```

Ni vyema kutoa riba mwezi kwa mwezi namna hii, hasa katika mwaka ambao benki ilibadilisha riba yake katikati.

Kosa la kusahau fedha zilizoongezwa lina athari ya kushangaza katika hesabu hii. Kama ile asilimia 9 ya Machi ingeachwa, uwiano wa mwaka ungepanda kutoka 0.87 hadi karibu 1.14, kwa kosa la mwezi mmoja tu. Mambo huharibika zaidi kwa mtu anayeweka kiasi kilekile kila mwezi. Tuseme ni shilingi 50,000: wastani unavimba, lakini mkengeuko unabaki karibu palepale kwa kuwa nyongeza ni ileile mwezi hadi mwezi, na uwiano huruka kupita 6. Mkoba wa hisa unaoonyesha uwiano wa juu ya 3 kutokana na taarifa za mwezi ni dalili ya kutosha ya kurudi kwenye safu ya C na kuikagua upya.

Nambari 0.87 haina uzito hadi iwekwe kando ya nyingine. Chukua mkoba wa pili, wenye wastani wa asilimia 1.4 kwa mwezi na mkengeuko wa 4.5. Kwa faida pekee, huu ndio bora. Uwiano wake wa mwezi, hata hivyo, ni 0.9 gawanya kwa 4.5, yaani 0.2, au 0.69 kwa mwaka. Watu wengi huuliza kwa nini wajali uwiano ikiwa mkoba wa pili uliwapa fedha nyingi zaidi, na swali hilo ni la haki. Jibu limo katika akaunti ya akiba yenyewe.

Fedha zilizo kwenye akiba hazitikisiki. Mtu akiweka nusu ya fedha zake katika mkoba wa kwanza na nusu kwenye akiba, wastani wake unakuwa 0.75 na mkengeuko unashuka hadi 1; ziada ya 0.25 kwa mtikisiko wa 1 ni uwiano uleule wa 0.25. Kuchanganya na akiba hupunguza faida na mtikisiko kwa pamoja bila kuugusa uwiano. Basi mkoba wa pili unaweza kutulizwa hadi ufanane na wa kwanza kwa mtikisiko: asilimia 44 ya fedha iende kwenye mkoba huo na asilimia 56 kwenye akiba. Mkengeuko wa mchanganyiko unakuwa 2, sawa na ule wa kwanza, lakini wastani wake ni asilimia 0.9 tu, dhidi ya 1. Kwa mtikisiko uleule, mkoba wa kwanza umelipa zaidi. Mantiki hii ilielezwa na James Tobin mwaka 1958, miaka 8 kabla ya kipimo cha Sharpe, na ndiyo inayoufanya uwiano uwe chombo cha maamuzi: kwanza huchaguliwa mkoba wenye uwiano mkubwa, kisha akiba hutumika kurekebisha kiasi cha mtikisiko ambacho kaya inaweza kukistahimili.

Mantiki hiyo inasimama pale tu akiba yenyewe isipotikisika. Nchini Kenya, Shirika la Bima ya Amana hulinda hadi shilingi 500,000 za kila mteja katika kila benki. Aliye na milioni mbili katika benki moja analinganisha mkoba wake na kitu ambacho robo tatu yake haina kinga hiyo.

Kuna jambo ambalo makala nyingi za fedha hulipita haraka, nalo lastahili kusimamiwa: uwiano uliotokana na miezi 12 ni makisio tu, tena makisio legelege. Mwaka 2002 Andrew Lo alionyesha namna ya kupima ulegevu huo, na kwa mikoba ya kawaida kanuni yake hukaribiana na kitu chepesi kukumbukwa: kosa la kawaida la uwiano wa mwaka ni karibu 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya miaka. Kwa mwaka mmoja kosa ni 1. Kwa miaka minne ni nusu. Kwa miaka tisa ni theluthi.

Mkoba wetu wa 0.87 unapaswa kusomwa hivyo: 0.87, na kosa la kawaida la 1 juu au chini. Mkoba usio na ubora wowote juu ya akiba, ambao uwiano wake halisi ni sifuri, ungeweza kabisa kutoa 0.87 katika mwaka mmoja kwa bahati. Ili uwiano huo uwe mara mbili ya kosa lake, kiwango ambacho wanatakwimu huanza kukiamini, zinahitajika taarifa za miaka mitano na nusu hivi, na uwiano udumu vilevile muda wote huo. Tofauti kati ya 0.87 na 0.69, kwa mwaka mmoja, haithibitishi kitu. Mchuuzi wa mfuko wa uwekezaji anayejivunia uwiano wa mwaka uliopita anaonyesha nambari ya kweli iliyobeba habari kidogo mno, na mnunuzi ana haki ya kumwomba taarifa za miaka yote tangu mfuko uanze.

Kurefusha muda, hata hivyo, hakuponyi tatizo la thamani zisizosema kweli. Baadhi ya hisa za Nairobi hupitisha siku nyingi bila kuuzwa, na taarifa ya mwisho wa mwezi hubeba bei ya biashara ya mwisho, hata kama ilifanyika majuma mawili nyuma. Habari za mwezi huu huonekana nusu sasa na nusu mwezi ujao, na faida huonekana tulivu kuliko ilivyo. Kama kila faida inayoonyeshwa ni wastani wa miezi miwili ya kweli, mkengeuko unaosomeka kama 2 kwa hakika ni 2.83, na uwiano wa 0.87 hushuka hadi 0.61. Nyumba, shamba au hisa za kampuni isiyo sokoni, ambazo mwenyewe huzikadiria thamani mara moja kwa mwaka, ndizo mbaya zaidi: zinaonekana hazitikisiki kwa sababu tu hakuna aliyezipima.

Dalili yake hupatikana kwa kulinganisha kila mwezi na mwezi uliotangulia:

```
=CORREL(D3:D13,D4:D14)
```

Jibu likikaribia 0.5 kwa taarifa za miaka mitano au zaidi, thamani zinalainishwa. Mkoba wetu unatoa hasi 0.53, hivyo hauna dalili ya kulainishwa, ingawa kwa miezi 12 nambari hii nayo huyumba sana. Kwa mifuko ya soko la fedha jambo liko wazi bila kipimo: thamani ya kipande hushikiliwa palepale na riba huongezwa kila siku, mkengeuko hukaribia sifuri, na uwiano hutoka mkubwa kupita kiasi. Mfuko kama huo ulinganishwe na akiba kwa riba halisi baada ya kodi na ada. Uwiano wa Sharpe hauna kazi hapo.

Taarifa za mwezi pia huficha mwezi ambao bado haujatokea. Tarehe 13 Machi 2020, siku ambayo Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, biashara katika Soko la Hisa la Nairobi ilisimamishwa baada ya fahirisi ya NSE 20 kushuka kwa zaidi ya asilimia 5. Mwaka mzima wa taarifa unaoishia Desemba 2019 haukuwa na mwezi wa namna hiyo ndani yake. Tukiongeza kwenye mkoba wetu mwezi wa 13 wenye hasara ya asilimia 12, wastani wa miezi yote unakuwa sifuri, mkengeuko unaongezeka maradufu hadi 4.08, na uwiano wa mwaka unageuka kutoka 0.87 kuwa hasi 0.42.

Uwiano ukishakuwa hasi, haufai tena kupangia mikoba. Mikoba miwili iliyobaki nyuma ya akiba kwa asilimia 0.3 kwa mwezi, mmoja ukiwa na mkengeuko wa 2 na mwingine wa 6, hutoa hasi 0.15 na hasi 0.05, kwa nambari hizo mkoba wenye mtikisiko mkubwa zaidi ndio unaoonekana bora, jambo lisilo na mantiki. Katika hali hiyo pengo na mkengeuko hutajwa kila kimoja peke yake: mkoba umebaki nyuma ya akiba kwa kiasi hiki, na umetikisika kwa kiasi kile.